Basi na zile tatu?

Nimeamka saa 9 usiku nikamjibu mhasibu. Kwa sauti. Baba watoto akageuka, akauliza naongea na nani, nikamwambia alale.

Mnaonifuata mnajua kwamba Jumatano nilikuwa na usaili wa ile nafasi ya stoo ya dawa, ile niliyoiomba halafu nikaikatia tamaa. Dada kajifungua mapacha Jumanne usiku, hilo nitaliandika likitulia. Jopo lilikuwa la watu watatu: mama wa rasilimali watu aliyenipigia simu ya kuniita, mkuu wa ugavi aliyekuwa Mwanza na tukimwona kwenye skrini, na mhasibu mmoja mwenye mvi ambaye nusu saa nzima hakusema kitu. Kiingereza kilikuwa kinakwenda vizuri tu mpaka huyo mhasibu alipoweka kalamu chini akahamia Kiswahili.

"Kompyuta inasema katoni 40. Umeenda kwenye rafu, umekuta 37. Unaandika ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Basi na zile tatu?"

"Nitazitafuta."

"Wapi?"

"Stoo."

Mama wa rasilimali watu alicheka. Mhasibu hakucheka, aliinama akaandika. Neno "stoo" lina herufi nne. Mtu huyu aliandika mistari. Mistari ya nini?

Kinachoniuma ni kwamba jibu nalijua, nimekaa stoo miaka 6. Huwezi kukimbilia kurekebisha kompyuta. Unaandika 37 kwenye karatasi ya kuhesabia kwa sababu ndicho ulichokiona, halafu unamwita mtu mwingine ahesabu bila kumwonyesha namba yako. Mkikubaliana, unachukua bini kadi, ile kadi ya rafuni inayoandikwa kilichoingia na kilichotoka, na kuilinganisha na vocha za kutolea, maana mara nyingi kuna vocha imetumika asubuhi, mzigo umeshapanda gari, na karatasi bado iko kwenye kishikizo haijaingizwa. Au katoni zimewekwa kwenye rafu ya toleo jingine la dawa ile ile. Hayo yote nayajua. Nimesema "stoo".

Sasa, barua za shukrani baada ya usaili. Nilikuwa nimepanga kuandika moja, niwatumie wote watatu, nilale. Lakini ukiandika moja huwezi kumwambia mtu lolote, unabaki na "ahsanteni kwa nafasi" ambayo hata mwenye duka anakuandikia kwenye risiti. Na wakiandikiwa tatu zinazofanana ni vibaya zaidi, kwa sababu hao watu ni wa shirika moja, mmoja atasema "mimi pia nimepata" na watazisoma pamoja. Kwa hiyo zikawa tatu, kila moja na kitu ambacho mwenyewe ndiye alikisema.

Shida ya kwanza ilikuwa majina. La mhasibu nililiandika nyuma ya bahasha walipojitambulisha. Lakini mkuu wa ugavi sauti yake ilikatika katikati ya jina, na kwenye kona ya skrini paliandikwa chumba cha mikutano. Anwani nilikuwa nayo moja tu, ya rasilimali watu. Ningeweza kubahatisha za wengine kwa kufuata muundo wa ile yake, ila ukikosea herufi barua inaangukia kwa mtu mwingine kabisa, na ukipatia mtu anajiuliza umeipata wapi. Nilimpigia huyo mama Jumatano jioni, nikamwomba. Akanitajia majina yote mawili herufi kwa herufi, akasema za wenzake nizipitishe kwake atazisukuma. Akaongeza kwamba Ijumaa mchana wanakaa kulinganisha maksi. Ndiyo maana sikungoja wikiendi. Karatasi za maksi walishazijaza nikiwa nimekaa pale pale, sijidanganyi, lakini kulinganisha ni maneno, na kwenye maneno mtu anaweza kukumbuka kitu.

Ya mama niliiandika kwa Kiingereza, rasmi, "Bi." na jina la ukoo, ingawa pale ofisini kila mtu anamwita Mama. Sentensi nne. Nilimshukuru kwa kunieleza kwamba kazi ina zamu za usiku, nikamthibitishia kwamba ninaziweza. Ya Mwanza ilikuwa rahisi, kwa sababu aliuliza ningepelekaje dawa za baridi Ukerewe kivuko cha Kisorya kikikwama, tukaongea kuhusu masanduku ya barafu mpaka muda ukaisha. Nilimwambia sikupata nafasi ya kusema kwamba ningeweka kipima joto ndani ya kila sanduku, si kimoja kwa mzigo mzima.

Ya mhasibu ilinichukua saa moja na nusu. Kwanza lugha: yeye ndiye aliyehamia Kiswahili, kumrudishia Kiingereza ningekuwa kama namkimbia. Halafu nimwiteje? Kwenye korido nilimpa shikamoo akaitika marahaba. Niliandika shikamoo nikaifuta, nikaiandika tena, nikaifuta. Barua ya kazi ikianza na shikamoo nimeshajifanya mtoto, na mtoto hapewi funguo za stoo. "Mzee" ilinitoka pia. Mwisho nikakumbuka alivyojitambulisha, alianza na CPA kabla ya jina, nikamwita anavyojiita.

"Ndugu CPA M., ahsante kwa muda wako jana. Swali lako la katoni tatu nililijibu nusu. Kabla ya kugusa leja ningeomba mtu wa pili ahesabu upya, kisha ningelinganisha bini kadi na vocha za kutolea ambazo hazijaingizwa. Nimefurahi kwamba uliliuliza."

Basi. Ilikuwa na aya nyingine mbili kuhusu miaka yangu 6, nilizitoa. Kusahihisha jibu moja kunavumilika, ukisahihisha matatu unaomba usaili wa pili.

Baba watoto alisoma juu ya bega langu akasema inanuka rushwa. Tukabishana. Kaka yake alipofanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira kule Dodoma hakumwandikia mtu, na hapo nakubali, ukimtafuta mjumbe wa jopo la serikali pembeni unajichafua mwenyewe. Hapa ni shirika binafsi na barua zinapita kwa aliyeniita. Hakuridhika. Lakini ndiye aliyeona kwamba ya Mwanza bado imebeba jina la mhasibu juu, nilikuwa nimenakili. Nilikuwa nimeshaweka kidole. Tangu sasa sehemu ya anwani najaza mwisho kabisa.

Zikaondoka Alhamisi saa 2:20 asubuhi. Mama akajibu saa 4, "zimepokelewa, nimezifikisha". Mwanza kimya mpaka leo. Saa 7 mchana, nikiwa kwenye daladala nimebeba chupa ya uji wa mzazi, simu ikalia. Ujumbe wa mhasibu. Hakuna salamu, hakuna ahsante:

"Na vocha zote zikiwa zimeingizwa, na bado tatu hazionekani?"

Nilicheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Moyo ukawa mwepesi, sijui kwa nini, labda kwa sababu safari hii sikuwa nimekaa mbele ya watu. Nikamjibu kwa kidole kimoja, uji mapajani: naandika taarifa ya upungufu kwa msimamizi siku hiyo hiyo, na marekebisho ya leja anaidhinisha mtu mwingine, si mimi ninayeshika funguo. Nikatuma kabla sijaanza kufikiri.

Hajajibu. Ijumaa imepita, wameshakaa, sijui kitu.

Jana jioni nilikuwa tena kwa dada. Kulwa ananyonya mpaka anatoka jasho puani. Doto analala tu. Ukimgusa shavu anageuza uso, anaendelea kulala. Dada anasema atazoea, nesi amesema wamwamshe kila baada ya saa mbili. Nimeangalia saa sasa hivi, ni 10 kasoro, na sijui kama kuna aliyemwamsha.