Siku moja maishani mwangu: tangazo la mlonge na kisukari

Saa 1 asubuhi. Nakunywa chai kwa mama ntilie pale Kirumba huku nikipitia simu. Kazi yangu ni kuandika matangazo ya wafanyabiashara wadogo wa hapa Mwanza: lebo, vipeperushi, ujumbe wa Watsapu, mara nyingine tangazo la redio. Leo kuna la muuza magodoro, halafu saa 4 nina mteja mpya wa unga wa mlonge.

Saa 3. Magodoro yamekwisha. Bei, vipimo, usafiri wa bure hadi Igoma. Hayakuwa na shida.

Saa 4. Mama amefika na kikapu chake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Anafungua pakiti, na harufu ya majani mabichi inajaa mezani. Unga ni wa kijani kabisa. Ananieleza kuwa anachuma Kisesa alfajiri, anaosha, anaanika kivulini na kusaga mwenyewe. Kisha anatoa karatasi yenye maneno anayoyataka: "Mlonge unatibu kisukari. Acha sindano, rudi kwenye afya."

Nikamwambia, "Mama, hili siliandiki." Hakukasirika. Akasema wenzake wote sokoni wanaandika hivyo, tena yeye ana ushahidi. Jirani yake alipima sukari ikawa 14, akatumia mlonge wiki kadhaa, akapima tena ikawa 8. Picha zote mbili za mashine ya kupimia anazo kwenye simu.

Tukazitazama pamoja. Ya kwanza ilipigwa saa 9 mchana, na mama anakumbuka walikuwa wametoka kula wali na soda. Ya pili ni ya saa 12 asubuhi, kabla ya chai. Sukari ya mtu aliyeshiba na ya mtu aliyelala na njaa hazilinganishwi, kwa sababu hupanda baada ya kula hata kwa mtu mzima wa afya. Nikauliza kama jirani anatumia dawa. Ndiyo, zahanati walimwanzishia metformini kipindi hichohicho, na soda ameacha. Sasa nani ameishusha? Tena ile 8 yenyewe si kupona. Asubuhi kabla ya kula, kuanzia 7.0 daktari anahesabu ni kiwango cha kisukari. Jirani yule bado anaumwa, na picha yake ndiyo ingetumika kuwaambia wengine waache sindano.

Hapo mama alinyamaza kidogo. Nikamweleza kinachonitisha. Mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha sindano za insulini, ndani ya siku chache damu yake hujaa tindikali: kiu, kutapika, kuhema kwa nguvu, mwisho anazimia na anaweza kufa. Mwaka 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya kisukari, saratani na UKIMWI, na wapo walioacha dawa zao. Sitaki lebo yangu ifanye hivyo kwa mtu yeyote.

Akajaribu kunipunguzia: "Basi andika 'husaidia kutibu'." Au tuweke maneno ya jirani, si yetu. Nikakataa yote mawili. Msomaji mgonjwa akiona picha ya mashine ya sukari pembeni ya pakiti, ameshaelewa anaahidiwa kupona, awe amesema muuzaji au mteja.

Saa 7. Ugali na sato, kisha kazi yenyewe. Nauza nini hapa? Kile nilichokiona na kukinusa. Unga mwingi sokoni ni wa kahawia kwa sababu majani yameanikwa juani, na wake si hivyo. Majani ya mlonge yana protini, madini ya chuma na kalsiamu, hilo nalisema bila wasiwasi. Nikaandika:

"Mlonge wa Kisesa. Tunachuma alfajiri, tunaanika kivulini, ndiyo maana ni wa kijani. Fungua, nusa kwanza, kisha ulipe. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji au mboga ya dagaa. Tarehe ya kusagwa iko nyuma ya pakiti. Hiki ni chakula, si dawa. Kama unatumia dawa za hospitali, endelea nazo, na umwambie daktari kuwa unakula mlonge."

Sentensi za mwisho nimezipa herufi za ukubwa uleule wa zilizotangulia. Hiyo ya kumwambia daktari ina sababu: mlonge huenda ukashusha sukari kidogo, na ukichanganyika na dawa sukari ya mgonjwa inaweza kushuka kupita kiasi, akatetemeka na kutoka jasho.

Saa 10. Nimemsomea kwa simu. Ameuliza kama "nusa kwanza" haitaleta watu wa kunusa tu. Nimemshauri aweke pakiti moja wazi mezani kwa ajili hiyo. Amekubali, ila anataka jina la Kisesa liwe kubwa zaidi.

Saa 11. Lebo iko kwa mchapaji, Kisesa kwa herufi nene. Picha ya mashine mama ameifuta pia kwenye stetasi yake.