Wimbo wangu wa Kongowea na mizani iliyopunja

Wimbo huu umenichukua miezi minne. Mitatu kati yake niliipoteza kwa kumsikiliza mtu mmoja anayejiita bingwa wa mashairi. Simtaji jina, maana tunakutana barazani kila jioni na kahawa ananinunulia yeye.

Mimi ni mpiga kinanda wa harusi, huku Kisauni, Mombasa. Nimeimba nyimbo za watu miaka mingi, nikawa na hamu ya kutunga wangu. Nikataka uwe hadithi ya siku moja ya soko la Kongowea, tangu gunia la kwanza linaposhushwa mpaka kibanda cha mwisho kinapofungwa, na ndani yake wawemo watu wenye jambo. Nikamweleza yule bwana. Akaniambia: "Hadithi ya soko ni rahisi. Taja vilivyomo, kimoja kimoja, na ushike vina vya kati na vya mwisho. Mizani kumi na sita kila mshororo, nane ukwapi na nane utao. Hutakosea."

Sikukosea. Nilitoka na hiki:

Sokoni kuna viazi, vitunguu na mchicha,
Kuna nazi na mbaazi, na machungwa yamechacha.

Hesabu mwenyewe, mizani zimetimia na vina vimelala sawasawa, zi kwa zi, cha kwa cha. Lakini hebu niulize: kwa nini machungwa yamechacha? Hakuna sababu yoyote ila mchicha umetangulia. Niliendelea hivyo beti kumi na nne. Kufika ubeti wa tisa nilikuwa na kuku wanaokacha, yaani kuku wanatoroka sokoni kwa ajili ya kina. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya wimbo aliyetaka kitu na kukikosa. Ilikuwa orodha ya mtu anayetumwa dukani.

Tatizo la pili sikuliona mpaka nilipouimba. Ubeti wa mishororo ya mizani kumi na sita hupenda kujifunga. Ukifika kituo umeshasema lako, sauti inashuka, msikilizaji anapumua. Kwa wimbo wa mahaba au wa kumrushia mtu fumbo, hilo ni jambo zuri. Kwa hadithi ni sawa na matatu inayosimama kila kituo kushusha mtu mmoja: ukivuka daraja la Nyali ushasahau ulikuwa unakwenda wapi. Wazee walipotaka kusimulia kisa kirefu walitumia utenzi, mshororo mfupi wa mizani nane, minne kwa ubeti, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Kile kina cha nne ndicho kinachovuta hadithi mbele, kwa sababu sikio linakingoja. Nikachagua -ni, maana karibu kila mahali pa kusimamia sokoni pamefungwa na hiyo: kibandani, mlangoni, kikapuni, chini. Na mizani yenyewe.

Kisa nilikipata kwa hamali mmoja wa makamo, baada ya kukaa naye asubuhi tano au sita hivi (na kumnunulia chai na mahamri kila siku, sijui zilikwenda mia ngapi). Alinifundisha jiwe la mizani linavyoibwa. Yale mawe ya chuma ya kupimia, ukiligeuza utaona lina tundu chini, limejazwa madini ya risasi. Ile risasi ndiyo iliyotiwa kiwandani ili jiwe litimie uzito wake. Mwenye mkono mrefu huichokoa kidogo kidogo kwa msumari. Kwa juu jiwe limeandikwa kilo mbili, halina kasoro. Kwa chini lina shimo, na kila mnunuzi anaondoka na viazi pungufu. Nikamuuliza mtu atajuaje bila kuligeuza jiwe la mwenyewe na kuzua ugomvi. Akacheka. "Njoo na pakiti ya unga ya kilo mbili, haijafunguliwa. Iweke upande wa pili."

Hapo hapo nikajua wimbo umefika. Nilikuwa na watu watatu: Hamadi mwenye kibanda, bibi mwenye kikapu, na kijana hamali atakayeligeuza jiwe. Nilikuwa na kitu kinachoweza kuonekana na macho, upande mmoja unapanda na mwingine unashuka. Hakuna haja ya kumweleza mtu maana yake.

Mwanzo ukaja wenyewe:

Palikucha Kongowea
Hamadi akatokea
Gunia amepokea
Akaketi kibandani

Na kibwagizo, ambacho nilikihangaikia wiki nzima:

Pima, bwana, pima tena
Usinipunje mizani

Sasa nieleze kilichonifanya nione haya, ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike haya yote. Nilikwenda kwa shangazi yangu kumwimbia. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Shangazi hajasoma arudhi popote, lakini ameimba vugo tangu msichana. Nikaanza, naye akaendelea kukuna, na baada ya mishororo michache nikaona mkono wake unakwenda na wimbo, silabi moja, mkwaruzo mmoja. Nane, anageuza kifuu. Nane, anageuza. Nikafika ubeti wa tatu, pale bibi anapoagiza: "Kilo mbili za nyanya." (Wakati huo Hamadi alikuwa anauza nyanya.) Nikamaliza mshororo, mkono wa shangazi ukabaki hewani na kifuu chake. Akaniangalia. Nikarudia. Mkono ukabaki hewani tena.

"Mwanangu," akasema, "unaimba mtu anayepunja mizani, na wewe mizani yako yapunja."

Nikabisha, nikahesabu kwa vidole: ki, lo, m, bi, li, za, nya, nya. Nane! Akasema sema "mbili" kama unavyoitamka ukinunua mkate, usiseme kama unavyoihesabu. Mbi-li. Mbili tu. Hapo ndipo nilipoingia shimoni, na wengi tunaingia. Ile m ya mtu, mteja, mchicha inasimama peke yake na inahesabiwa, m-tu, m-chi-cha. Ya mbili, mbaazi, mbuzi imeshikana na b, haina mizani yake. Mshororo wangu ulikuwa na saba. Nilikuwa nimechokoa risasi mwenyewe.

Ndiyo maana Hamadi anauza viazi. Kilo mbili za viazi, nane kamili. Yule hamali alipousikia baadaye alisifu nilivyofikiri sana, eti nyanya watu huchagua kwa macho na viazi hupimwa. Nikanyamaza, nikapokea sifa.

Shangazi alinikamata na pengine. Nilipofika pale kisa kinapogeuka, bibi anatoa unga, akauliza: "Unga umetoka wapi?" Kweli, haukuwa umetajwa. Katika hadithi ya kusoma mtu angerudi nyuma atazame. Katika wimbo hakuna nyuma, kilichopita kimepita. Ikabidi unga uonekane mapema, tena kwa namna ambayo hakuna atakayeushuku. Nikamfanya bibi apitie dukani kwanza katika ubeti wa pili, anunue unga wa sima na kulalamikia bei, halafu tuendelee kana kwamba si kitu. Watu walicheka hapo kwenye bei, na kicheko ndicho kilichouficha.

Ubeti ambapo kisa kinageuka ni wa sita kati ya tisa:

Kikapuni ana unga
Akaweka, bila kunga
Jiwe likapanda anga
Unga ukashuka chini

Nilijaribu kuuweka wa tano, ukaniacha na nusu wimbo isiyo na kazi, Hamadi akiapa na kuapa. Nikajaribu wa nane, watu wakachoka kungoja. Wa sita unatosha: baada yake kijana anageuza jiwe, Hamadi anakosa la kusema, soko linafungwa.

Kwenye ala tulifanya ujanja ninaojivunia. Tulikuwa kinanda, dumbaki na tashkota, mwendo wa chakacha, ule wa kuzungusha kiuno. Kabla ya ubeti wa sita tukaweka kipande kirefu cha ala peke yake, na sababu si urembo. Harusini watu huja kukutunza. Mama anakuja anacheza polepole, noti mkononi, anakuwekea, mwenzake anamfuata, na wewe huwezi kuimba hadithi huku unapokea pesa. Ala ndefu inawapa nafasi wamalize. Kisha dumbaki linanyamaza kabisa, ninaimba ule ubeti na kinanda kimeshika sauti moja tu, na linarudi pale kwenye "chini" kwa pigo moja. Mpiga dumbaki alilikosa mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa anatazama biriani.

Baada ya hapo kibwagizo hakikubadilika hata neno. Mara ya kwanza ni bibi anabembeleza. Baada ya unga kushuka ni soko zima linamzomea Hamadi, maneno yale yale, na sikulazimika kusema sasa ni nani anayeimba. Wanawake wa harusi walikichukua wenyewe kwa makofi. Yule bingwa wa barazani alinishauri nitunge kibwagizo kipya cha sehemu ya pili, "ili wasichoke". Kahawa yake nakunywa, ushauri wake naacha.

Mwisho ulinisumbua kidogo. Shangazi alitaka Hamadi atubu. Hamali alitaka apigwe. Mimi nilimwacha aondoke bila neno, nikabaki na ile mizani ikining'inia kibandani:

Jua lapunguza nuru
Soko tupu, paka huru
Hapo akaja kunguru
Akatua sahanini

Nikaishia hapo, bila kibwagizo. Kunguru wetu wa Mombasa kila mtu anamjua, haombi ruhusa.

Siku ya kwanza niliyouimba, harusi ya huku huku Kisauni, kinanda kilipozima palikuwa kimya kidogo, nikadhani nimeharibu. Kisha mama mmoja wa makamo akanijia na noti ya mia mbili, hakucheza, akaniinamia sikioni. Sisi watu wa taarabu tumezoea kuulizwa wimbo unamrushia nani, lakini yeye aliuliza mengine.

"Huyu Hamadi anauza upande gani, wa barabarani au kwa ndani?"

Nikamwambia hayupo, mama, nimemtunga.

"Yupo," akasema. "Na unga nishanunua."