Kibao cha kilomita 33: nilivyopiga hesabu upya nikiwa mbioni

Nilikwenda kwenye marathoni ile nikitaka kumaliza chini ya saa 4. Kwa kilomita 42 na mita 195, hiyo ni kasi ya dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Nilipanga kukimbia 5:40, na hadi kibao cha kilomita 30 mpango ulinitii kabisa: 2:50:00, bila sekunde kuzidi wala kupungua. Nilifurahi sana.

Kilomita ya 31 nikaimaliza kwa 5:52. Nikajiambia ni upepo. Ya 32, 6:05. Ya 33, 6:18. Kila moja ilinigharimu sekunde 12 au 13 zaidi ya iliyotangulia, ingawa nilihisi nakimbia kwa nguvu zilezile. Hatua ndizo zilizokuwa zimefupika. Mapaja yalikuwa mazito, na miguu ilikuwa ikigusa chini kwa kishindo badala ya kuruka.

Jambo lililonifanya niandike haya ni kile saa yangu ya mkononi ilichoniambia pale kwenye kibao cha 33. Sehemu ya wastani ilionyesha 5:39. Lengo langu ni 5:41. Kwa mujibu wa saa, bado nilikuwa mbele ya lengo! Hata jamaa niliyekuwa nakimbia naye bega kwa bega tangu kilomita ya 12 alitazama mkono wake akaniambia, "Twende kaka, wastani wetu bado mzuri."

Wastani ule ulikuwa unadanganya kwa njia mbili. Kwanza, saa inayotegemea setilaiti ilikuwa imehesabu kilomita 33.3 wakati kibao kinasema 33. Njia ya marathoni hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, kona kwa kona, na sisi hatuupati mstari huo: tunazunguka kwa nje, tunapishana na watu, tunaikatia meza ya maji. Saa nayo huongeza makosa yake madogo. Kwa hiyo muda uleule uligawanywa kwa umbali mkubwa zaidi, kasi ikaonekana nzuri kuliko ilivyo. Pili, wastani wa kilomita 33 unabeba ndani yake zile 30 nzuri, na hizo zinafunika tatu mbaya. Ukisubiri wastani ukuonye, utaonywa ukiwa umechelewa.

Kwa bahati nilikuwa nimejizoeza kubonyeza kitufe cha saa kwa mkono kwenye kila kibao, kwa hiyo muda halisi nilikuwa nao: 3:08:15. Nikaacha kutazama nyuma, nikahesabu kilichobaki tu. Zimebaki kilomita 9 na mita 195. Zimebaki dakika 51 na sekunde 45 kabla ya saa 4 kutimia. Kilomita 9 kwa 5:40 ni dakika 51 kamili. Mita 195 za mwisho kwa kasi hiyohiyo ni kama dakika 1 na sekunde 6. Jumla 52:06. Haitoshi. Ili nipate saa 4, nilihitaji kukimbia kwa kasi kuliko nilivyokimbia nikiwa mzima, na wakati huo nilikuwa nimeshashuka hadi 6:18.

Iliniuma. Nilikuwa nimelifanyia kazi lengo lile kwa miezi, na lilinitoka pale barabarani katikati ya vibao viwili.

Lakini nilikuwa nalijua kosa la upande wa pili. Katika marathoni yangu iliyotangulia, kasi iliposhuka niliilazimisha irudi. Nilifaulu kwa kilomita tatu, kisha kuanzia ya 36 nikawa natembea, nikamaliza kwa 4:21. Sikutaka kuyarudia hayo.

Kabla ya kuchagua kasi mpya nilitazama mapigo ya moyo. Kwenye kilomita ya 20 yalikuwa 168 kwa dakika; sasa yalikuwa 164. Hilo lilikuwa na maana kubwa kwangu. Kama kasi ingeshuka huku mapigo yakipanda, ningeshuku joto au upungufu wa maji, na ningepunguza mwendo zaidi. Vyote viwili viliposhuka pamoja, niliona kuwa moyo haukuwa umezidiwa. Misuli ndiyo iliyochoka na kukosa wanga. Na sababu nilikuwa naijua: jeli ya kilomita ya 24 sikuila. Tumbo lilikuwa limejaa, miguu ilikuwa mepesi, nikaiacha mfukoni. Akiba ya wanga mwilini haitoshi kwa kasi ile kwa saa 4, na ukiruka jeli moja hulipi palepale, unalipa baadaye.

Nikachagua 6:30. Nilitaka kasi iliyo chini kidogo ya ile niliyokuwa nayo, kwa sababu 6:18 ilikuwa bado inaporomoka, haikuwa sakafu. Hesabu yake pia ni rahisi kwa kichwa kilichochoka: 9 mara 6 ni 54, ongeza nusu dakika tisa, yaani dakika 4 na nusu, unapata 58:30. Mita 195 weka dakika 1 na robo. Jumla karibu dakika 59 na sekunde 45. Ukijumlisha na 3:08:15, unapata 4:08. Nikalisema kwa sauti: "Saa nne na dakika nane." Jamaa yangu akasema yeye anaendelea na saa 4, tukaagana.

Kwenye meza ya maji iliyofuata nilitembea kama sekunde 20, nikala ile jeli ya mfukoni, nikainywea maji. Kilomita ya 34 ikawa 6:41, na sikujali, kwa kuwa kutembea kulikuwa ndani ya mpango. Kisha 6:24, 6:27, 6:25. Kwenye kibao cha 37 saa ilisoma 3:34:12. Mpango ulitaka 3:34:15. Sekunde tatu mbele! Siwezi kueleza jinsi sekunde zile zilivyonituliza. Kasi ilikuwa imeacha kuporomoka.

Nilishawishika kuongeza mwendo hapohapo. Nikakataa, kwa sababu kilomita 5 bado ni nyingi kwa mapaja yanayotetemeka. Nikajiwekea sharti: hadi kibao cha 40 ni 6:30, baada ya hapo ruhusa. Kilomita ya 38 nilimpita jamaa yangu akiwa ameinama pembeni, ameshika msuli wa nyuma ya paja. Nilimgusa bega, akanipungia mkono niendelee.

Kibao cha 40: 3:53:31. Nikahesabu tena, safari hii kwa furaha. Zimebaki kilomita 2 na mita 195. Kwa kasi ya 6:10 ni dakika 12 na sekunde 20, pamoja na dakika 1 na sekunde chache za mwisho. Hiyo ni karibu na 4:07. Nikajiruhusu. Kilomita ya 41 nikaikimbia kwa 6:14, ya 42 kwa 6:09.

Kwenye kibao cha 41 saa ilikuwa 3:59:45. Nilikimbia kama mita 40 mbele yake, nikazisikia saa 4 zikitimia mkononi kwa mlio mdogo niliokuwa nimeutega asubuhi. Sikusimama. Nilivuka mstari kwa 4:06:58.