Shilingi 44,000 zilizopotea kwenye jedwali langu

Mwezi Septemba mimi na mume wangu tuliamua kuandika kila shilingi inayotoka nyumbani. Daftari tulikwisha kulijaribu: kila siku tunaandika, lakini mwisho wa mwezi hakuna mwenye nguvu ya kujumlisha. Safari hii nikafungua Google Sheets kwenye simu, faili moja tunaloliona wote wawili, nikaweka kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza nimeuita Matumizi. Una safu nne: tarehe, kundi, maelezo na kiasi. Aliyetoa hela ndiye anayeandika, palepale. Wa pili ni Bajeti. Safu A ina majina ya makundi, B ina tulichopanga, C kilichotumika kweli, na D tofauti. Tulipanga 600,000 kwa mwezi: chakula 300,000, shule 90,000, usafiri 80,000, mengineyo 60,000, umeme 30,000, maji na simu 20,000 kila kimoja.

Safu C hatuijazi kwa mkono. Kwenye C2 niliandika hivi:

```
=SUMIF(Matumizi!$B$2:$B$500,A2,Matumizi!$D$2:$D$500)
```

Maana yake: pitia makundi yote kwenye Matumizi, na kila unapokuta jina lililoandikwa A2, chukua kiasi chake ujumlishe. Alama za dola ni za lazima. Mara ya kwanza sikuziweka, na nilipoiburuta fomula kwenda chini, eneo la kujumlisha nalo likateremka, mistari ya juu ikaachwa nje. Kwenye D2 ni `=B2-C2` tu. Ikitoka hasi, tumezidisha. Mstari wa 9 ni wa jumla, `=SUM(C2:C8)` na wenzake.

Mwisho wa mwezi jumla ya C ilikuwa 577,500. Tumebakiza! Nilifurahi, lakini jicho likaangukia kwenye usafiri: 31,000. Haiwezekani. Mimi peke yangu napanda daladala karibu kila siku, na mume wangu vilevile. Nikajumlisha safu ya kiasi yote kule Matumizi bila kujali makundi, ikatoka 621,500. Shilingi 44,000 zilikuwa zimeandikwa lakini hazimo kwenye bajeti.

Nikashuka mstari kwa mstari. Kumbe mimi naandika "Usafiri", mwenzangu anaandika "Nauli". SUMIF haijui kwamba ni kitu kimoja. Inatafuta jina lilelile, ikilikosa inapita kimya, wala haitoi onyo. Nilirekebisha, kisha nikaweka menyu ya kuchagua kundi kwa kutumia Data validation, ikivuta majina kutoka safu A ya Bajeti. Chini ya jumla nikaongeza kisanduku cha ukaguzi:

```
=SUM(Matumizi!$D$2:$D$500)-C9
```

Kikisoma sifuri, kila kilichojumlishwa kina kundi lake. Kikisoma kingine, kuna jina limekosewa.

Ila kisanduku hicho hakikuona kosa la pili. Mtungi wa gesi ulikuwa umeandikwa "24,000/=". Ile alama ya mwisho inaufanya mfululizo mzima wa tarakimu kuwa maandishi, na SUM huyaruka maandishi sawa na SUMIF, kwa hiyo pande zote mbili zinakosa kiasi kilekile na ukaguzi unabaki sifuri. Nililigundua kwa macho: tarakimu hukaa upande wa kulia wa kisanduku, hiyo ilikuwa imeegemea kushoto. Sasa nina hesabu inayoniambia ni maingizo mangapi si tarakimu:

```
=COUNTA(Matumizi!$D$2:$D$500)-COUNT(Matumizi!$D$2:$D$500)
```

Baada ya masahihisho tulikuwa tumetumia 645,500. Tumezidisha 45,500, na 34,000 kati yake zilitoka kwenye mengineyo, yaliyofika 94,000. Nilipoyafungua nikakuta gesi 24,000, michango ya harusi na misiba 45,000, makato ya kutoa na kutuma hela kwa simu 12,600, na vidogovidogo 12,400. Chakula, nilichokuwa nakilaumu miaka yote, kilizidi 18,000 tu.

Oktoba nilinakili faili, nikafuta maingizo, nikaipa gesi, michango na makato mistari yao. Mistari mipya niliingiza katikati ya makundi, si chini ya la mwisho, ili fomula ya jumla ijitanue yenyewe. Michango tuliipangia 40,000.

Tarehe 19 ikaja kadi ya harusi ya mtoto wa jirani. Zamani tungeandika ahadi ya 30,000 bila kufikiri. Mume wangu akafungua simu, akaangalia safu ya tofauti. "Mama, kwenye michango imebaki elfu kumi." Tukaahidi elfu kumi.