Kasha la risasi la chanzo cha sesiamu: shiti nane au kumi?

Mradi huu ni wa maabara ya chuo ninakofanya kazi hapa Nairobi: kasha la risasi, yaani ile metali nzito inayozuia mnururisho, la kuhifadhia chanzo kidogo cha mnururisho cha sesiamu-137 cha kilobekereli 370, kilichofungwa ndani ya kidonge cha plastiki. Chanzo ni cha chuo na kina vibali vyake. Kazi yangu ni kasha tu.

Jumamosi, hesabu za mezani

Sentimita 10 kutoka kwa chanzo hiki bila kizuizi, kipimo ni takriban mikrosiveti 3.4 kwa saa. Ninataka kishuke chini ya 0.5 katika umbali uleule. Maana yake nigawanye kwa 6.8, na ukikata nusu, kisha nusu tena, unafika hapo baada ya mara 2.77.

Sasa swali ni risasi nene kiasi gani hukata nusu. Miale ya gama ya sesiamu ina nishati ya keV 662, na kwa nishati hiyo mgawo wa upunguaji wa risasi, μ, ni kama 1.25 kwa kila sentimita. Kutoka kwa

I = I₀ · e^(−μx)

unene wa kunusu ni 0.693 ÷ μ, yaani milimita 5.5. Zidisha kwa 2.77, unapata milimita 15 na kidogo. Shiti zinazouzwa kwa mafundi wa vyumba vya eksirei ni za milimita 2, kwa hiyo nane zingetosha.

Lakini hiyo 1.25 ni ya mwali mwembamba: inachukulia kwamba fotoni ikigonga risasi na kupinda njia, imepotea kabisa. Ndani ya kasha hakuna mwali mwembamba. Fotoni zinatoka kila upande, na baadhi ya zile zilizopinda bado zinafika nje na kuhesabiwa. Sikutaka kununua risasi kwa kuamini jedwali peke yake, maana bei yake si mchezo.

Jumatano jioni, vipimo

Niliazima shiti tano, nikaweka kaunta ya Geiger sentimita 10 kutoka kwa chanzo, nikazipanga katikati bila tundu la kubana mwali, ili hali ikaribie ile ya kasha. Kila kipimo ni cha dakika 10, na nimetoa mnururisho wa kawaida wa chumba.

Bila shiti nilipata 5,460. Shiti moja ikashusha hadi 3,900. Huo ni upungufu wa asilimia 29, ilhali milimita 2 za risasi hazipaswi kuzuia zaidi ya asilimia 22 ya gama hata kwa ile μ ya 1.25. Ziada ni chembe za beta na eksirei dhaifu ambazo sesiamu hutoa pia, na shiti ya kwanza inazimaliza. Ukianza mstari wako kutoka sifuri, risasi itaonekana hodari kuliko ilivyo. Kwa hiyo mwanzo wangu ni shiti ya kwanza.

Kutoka shiti ya kwanza hadi ya tano, yaani milimita 8 zaidi, hesabu ilishuka kutoka 3,900 hadi 1,690. Logi asilia ya uwiano huo ni 0.836, ukigawanya kwa sentimita 0.8 unapata μ ya 1.05. Kosa la kitakwimu hapo ni kama 0.04, kwa hiyo pengo kati yake na 1.25 si bahati ya kaunta. Unene wa kunusu halisi kwa mpango wangu ni milimita 6.6.

Rudia sasa: 2.77 mara 6.6 ni milimita 18. Shiti nane zingeniacha kwenye 0.64, juu ya lengo. Kumi zinanipeleka kwenye 0.42. Tumeagiza za kutosha kumi kila upande.

Kuna fundi aliyenishauri niyeyushe betri za gari, rahisi zaidi. Nilimkumbusha Owino Uhuru kule Mombasa, watu walivyougua kwa risasi ya kiwanda cha betri. Shiti unakata kwa mkasi wa bati, unavaa glavu, unanawa, basi.

Baada ya kuunganisha

Nafasi ya ndani ni sentimita 6 kila upande, nje ni 10, na kasha lina kilo karibu 9. Pembeni nimepishanisha shiti kama matofali, kwa sababu ufa mmoja ulionyooka hupitisha gama kana kwamba risasi haipo.

Katika sentimita 10 kutoka kwa chanzo, skrini inasoma 0.56. Ukitoa 0.11 ya chumba inabaki 0.45. Ukigusisha kaunta kwenye uso wa kasha namba inapanda sana, lakini hapo uko sentimita 5 tu kutoka kwa chanzo, na umbali ukiwa nusu kipimo huwa mara nne. Kwa hiyo lebo ninayobandika itataja umbali pamoja na namba.

Kinachobaki ni kifuniko. Nikipitisha kaunta kwenye mshono wake, upande wa bawaba unasoma juu kidogo kuliko pande nyingine, kwa hiyo ninakata ukanda wa shiti mbili utakaoshuka ndani ya mdomo wa kasha na kuvunja ile njia iliyonyooka.