Nilivyofuatilia miezi tisa ya NSSF iliyokatwa bila kupelekwa

Slipu yangu ya mshahara ilionyesha makato ya NSSF, shilingi 60,000, mwezi kwa mwezi. Taarifa ya michango niliyoichukua NSSF yenyewe ilikuwa na miezi tisa isiyokuwepo kabisa. Hela ilitoka kwangu, kwenye Mfuko haikufika.

Mshahara wangu kabla ya makato ni 600,000. Mchango wa NSSF Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara huo, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Nusu nyingine anaitoa mfukoni mwake. Kwa hiyo kila mwezi zilipaswa kufika 120,000, na kwa miezi tisa ni 1,080,000. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha ili awasilishe, kwa hiyo ukikuta mwezi uliopita haujaingia, subiri kidogo. Yangu ilikuwa imepita zamani.

Ushauri niliopewa kiwandani bado unaniudhi. Mmoja alisema niache, nitadai siku nikiondoka. Huyo hajui kwamba fao la upotevu wa ajira linahitaji angalau michango ya miezi 18, na pensheni ya uzeeni inahitaji miezi 180. Ukiachishwa kazi leo huku miezi yako ina mapengo, dirishani wanahesabu iliyoingia, si iliyokatwa.

Mhasibu naye aliniita pembeni. "Mdogo wangu, chukua 540,000 yako taslimu, usaini hapa kwamba hudai kitu, yaishe." Wenzangu kadhaa walishasaini. Niliisoma ile karatasi nikamrudishia. Alikuwa ananirudishia hela yangu mwenyewe, sehemu ya mwajiri inabaki kwake, na miezi tisa inafutika kwenye hesabu ya uanachama wangu. Nilimwambia sitasaini, nikatoka.

Kilichofanya kazi ni namna nilivyopanga ushahidi, na hili najivunia. Nilichukua daftari nikachora safu: mwezi, makato kwenye slipu, mshahara ulioingia benki, kilichopo kwenye taarifa ya NSSF. Mwezi ambao sikuwa na slipu nilitumia taarifa ya benki, kwa sababu kiasi halisi kilichoingia kinaonyesha kwamba makato yalifanyika. Katika kupanga hivyo nikagundua jambo jingine: hata baadhi ya miezi iliyoingia ilikuwa imewasilishwa kwa mshahara wa 400,000, yaani 80,000 badala ya 120,000. Ukitazama tu kama mwezi upo au haupo, wizi wa namna hii hauuoni. Tazama kiasi.

Nilipeleka lile daftari pamoja na nakala kwa afisa wa NSSF anayeshughulikia waajiri. Nilimwomba jambo moja: aje kama ukaguzi wa kawaida wa kiwanda kizima, asije kwa jina langu. Alikubali. Aliniambia pia kwamba michango isiyowasilishwa ni deni la mwajiri kwa Mfuko, na Mfuko ndio wenye nguvu ya kukagua vitabu, kudai pamoja na adhabu ya ucheleweshaji, na kumfikisha mwajiri mahakamani.

Siku ya ukaguzi ofisi ilitoa orodha fupi ya wafanyakazi. Nilishamdokeza afisa aombe daftari la mahudhurio la getini na orodha ya mishahara inayopelekwa benki. Majina yakawa mengi kuliko ya orodha ile. Hapo mhasibu akakosa la kusema. Vibarua waliofanya kazi mfululizo bila kusajiliwa nao wakaonekana.

Mwajiri alipewa hati ya madai, akaomba kulipa kwa awamu, akakubaliwa. Adhabu ni mzigo wake, haikatwi kwa mfanyakazi, na nilikuwa macho na slipu zilizofuata nione kama angeirudishia kwetu kwa jina jingine. Hakuthubutu. Waliosaini karatasi ya mhasibu nao waliingizwa kwenye madai, maana makubaliano yao na mwajiri hayafuti deni lake kwa Mfuko. Hela walizopewa, wakazungumze naye wenyewe.

Awamu ya kwanza ilipolipwa wengi walishangilia wakaacha kufuatilia. Mimi nilichukua taarifa mpya nikailinganisha na daftari, nikakuta miezi miwili imeingia bado kwa mshahara ule ule wa uongo wa 400,000. Nilirudi na slipu za miezi hiyo miwili, mwajiri akatakiwa kurekebisha orodha yake na kulipa tofauti, 40,000 kwa kila mwezi. Sasa miezi yote tisa ipo, kila mmoja ukiwa na 120,000. Taarifa naichukua kila robo mwaka, na slipu naomba ya karatasi hata wanaponiambia ipo kwenye kompyuta.