Nilivyojenga saketi ya Hamming ya biti nne kwa chipu sita

Nafundisha vijana elektroniki kwa vitendo hapa Mbeya, kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya fundi redio mmoja pale Mwanjelwa. Mwaka huu nilitaka waone kwa macho jambo ambalo ubaoni huwa linapita juu juu: saketi inayopokea biti nne, na biti moja ikiharibika njiani, inaijua ni ipi na kuirudisha yenyewe. Richard Hamming, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, alichapisha njia hiyo mwaka 1950, baada ya kuchoshwa na mashine iliyokuwa inagundua kosa na kuishia kuacha kazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine ikiweza kujua kuna kosa, basi iweze pia kujua liko wapi.

Vifaa ndivyo vilivyoamua umbo la kazi. Nilikuwa na chipu tano za 74HC86, kila moja ina geti nne za XOR, na 74HC138 moja tu, ambayo ni dikoda ya pini tatu kwenda nane. Chipu ya kugeuza, 74HC04, sikuwa nayo. Hapa mjini niliikosa, na kuagiza Kariakoo ni kusubiri mzigo upande basi. Nikasema tutaijenga kwa hivi vilivyopo.

Wazo lenyewe ni hili. Biti saba zinasafiri, nafasi ya 1 hadi ya 7. Nafasi 1, 2 na 4 ni za pariti, na nafasi 3, 5, 6 na 7 zinabeba data d1, d2, d3 na d4. Kila pariti inalinda nafasi ambazo namba yake, ikiandikwa kwa mfumo wa mbili, ina tarakimu ya uzito huo. Pariti ya 1 inalinda 1, 3, 5 na 7. Ya 2 inalinda 2, 3, 6 na 7. Ya 4 inalinda 4, 5, 6 na 7. Ukishaelewa hapo, milinganyo unaiandika bila kukariri. Alama `^` ni XOR:

```
p1 = d1 ^ d2 ^ d4
p2 = d1 ^ d3 ^ d4
p4 = d2 ^ d3 ^ d4
```

Ukiijenga kama ilivyoandikwa unatumia geti sita. Lakini `d3 ^ d4` imejirudia kwenye p2 na p4, kwa hiyo ukiitengeneza mara moja na kuigawa, geti zinakuwa tano. Kwa upande wa kutuma hilo halipunguzi chipu, maana sita au tano zote zinahitaji 74HC86 mbili. Niliipunguza hivyo hivyo, na faida yake nitaieleza mwishoni.

Upande wa kupokea ndiko kubana kulikokuwa na maana. Biti zilizofika naziita r1 hadi r7. Tunarudia ukaguzi uleule, safari hii pariti nayo ikiwa ndani ya hesabu, na majibu matatu ndiyo sindromu:

```
u  = r6 ^ r7
v  = r2 ^ r3
s1 = r1 ^ r3 ^ r5 ^ r7
s2 = v ^ u
s4 = r4 ^ r5 ^ u
```

Bila kugawana `u` ungehitaji geti tisa. Ukigawana ni nane kamili, yaani chipu mbili zimejaa hadi pini ya mwisho. Kusahihisha kunahitaji geti nne nyingine, moja kwa kila biti ya data, hivyo 74HC86 ya tatu inaishia hapo. Mbili za kutuma na tatu za kupokea: tano zangu zimetosha. Geti ile moja isingeokolewa, kazi ingesimama.

Tuchukue mfano. Data ni 1011, yaani d1=1, d2=0, d3=1, d4=1. Pariti zinatoka p1=0, p2=1, p4=0. Ukizipanga kwa nafasi, kinachosafiri ni 0110011. Sasa nafasi ya 6 igeuke njiani, kifike 0110001. Kwa s1 unachukua 0, 1, 0, 1, jibu 0. Kwa s2 unachukua 1, 1, 0, 1, jibu 1. Kwa s4 unachukua 0, 0, 0, 1, jibu 1. Soma s4, s2, s1 kwa mpangilio huo: 110, ambayo ni 6. Sindromu imetaja namba ya biti iliyoharibika. Ingekuwa 000, maana yake hakuna kilichoguswa.

Kazi ya 74HC138 ni kugeuza hiyo 6 kuwa waya mmoja unaosema "ni mimi". s1 inaingia pini ya 1, s2 pini ya 2, s4 pini ya 3. Pini ya 6 inapelekwa volti 5, na pini za 4 na 5 zinapelekwa graundi ili chipu iamke. Natumia matokeo Y3, Y5, Y6 na Y7 tu. Y1, Y2 na Y4 niliziacha, kwa sababu kosa likiwa kwenye pariti, data iko salama na hakuna cha kurekebisha.

Hapo ndipo ukosefu wa 74HC04 ulipokuja mezani. Matokeo ya 138 yako kinyume: yanakaa 1 muda wote, na lililochaguliwa ndilo linashuka hadi 0. Tunachotaka kwenye geti ya kusahihisha ni 1 pale penye kosa, ili XOR igeuze biti. Ukiunganisha moja kwa moja, biti nzima zinageuzwa na ile mbovu inapita kama ilivyo. Ukiitazama vizuri lakini, utaona kwamba biti mbovu ikipita bila kugeuzwa tayari iko kinyume cha ukweli, sawa na wenzake. Kwa hiyo matokeo yote manne ni sahihi, ila yamepinduliwa. Jibu ni kupindua taa. Badala ya kufunga ledi kati ya geti na graundi, niliifunga kati ya volti 5 na geti kupitia rezista ya kilo-omu 1. Geti ikitoa 0, taa inawaka, na 0 hapo maana yake biti ni 1. Mkondo ni kama miliampea 3, na 74HC inaumudu bila shida. Y0 nayo niliiwekea taa ya kijani kwa mtindo huohuo. Inawaka pale sindromu ikiwa 000, ndiyo taa ya "njia salama".

Kila ingizo la r1 hadi r7 lina rezista ya kilo-omu 10 kwenda graundi. Hili ni la lazima. Ingizo la 74HC likiachwa linaning'inia, ukisogeza mkono tu taa zinachezacheza na utatafuta kosa lisilokuwepo. Kila chipu ina kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini za umeme, na umeme wenyewe unatoka chaja ya simu ya volti 5.

Rezista hizo ndizo zilizonipa namna ya kupima. Ukichomoa waya, upande wa kupokea unasoma 0. Lakini kama biti hiyo ilikuwa 0 tangu mwanzo, hujaharibu kitu, na taa ya kijani itabaki inawaka. Ndiyo maana majaribio ya kwanza tunaweka data 1111: pariti zote tatu zinakuwa 1 na zinasafiri 1 saba. Waya wowote utakaochomoa ni kosa la kweli. Baadaye tunaweka 0000, tunachomoa waya kutoka kwa mtumaji kwanza, kisha ndiyo tunagusisha ingizo kwenye volti 5. Ukigusisha kabla ya kuchomoa, unaishindanisha geti na chanzo cha umeme.

Mwenye karakana alikuja kuangalia. "Shikamoo mzee, chagua waya wowote uvute," nikamwambia.

"Marahaba. Huu?" Akavuta wa 5. Kijani ikazimika, taa nne za data zikabaki zinawaka.

"Sasa imejuaje ni huo, mwanangu, wakati yenyewe haioni mkono wangu?"

Nikampeleka kwenye vitaa vitatu vya sindromu: s4 inawaka, s2 imezimika, s1 inawaka. Nne na moja, tano. Akaurudisha, akavuta wa 7, akahesabu mwenyewe: nne, mbili, moja.

Vijana walipojenga ya kwao, kundi moja lilipata jambo la kufundisha. Wakichomoa 5 au 7 inasahihisha vizuri, wakichomoa 3 zinazimika taa za d1 na d3 pamoja. Dalili hiyo ukiiona, angalia pini za 1 na 3 za 138: s1 na s4 zimebadilishana. Namba 101, 111 na 010 zikisomwa kinyumenyume hazibadiliki, ndiyo maana 5 na 7 zilikubali. 011 inageuka 110, hivyo kosa la 3 linaenda kurekebishwa kwenye 6. Asiyejaribu nyaya zote saba atasema saketi yake nzima. Dalili nyingine rahisi: nyaya zote ziko mahali pake, kijani haiwaki na hakuna kinachosahihishwa. Hapo pima pini ya 6 ya 138 kwa mita. Kwa kawaida utakuta haijafika volti 5.

Mpaka wa njia hii tuliuonyesha waziwazi. Weka 1111, chomoa waya wa 3 na wa 5 pamoja. Sindromu inatoka 6, na saketi kwa uaminifu wote inageuza nafasi ya 6 iliyokuwa nzima. Makosa mawili yanakuwa matatu, na inabaki taa ya d4 peke yake. Kijani imezimika kweli, lakini haina namna ya kukwambia kama ni kosa moja lililorekebishwa au ni mawili.

Tiba yake ni biti ya nane, pariti ya jumla. Ukijumlisha saba zote kwa XOR, vitu vinafutana na inabaki `p8 = d1 ^ d2 ^ d3`: geti mbili, na upande wa kutuma zimebaki tatu kwa sababu tuligawana `d3 ^ d4`. Upande wa kupokea, jumla ni `r1 ^ v ^ s4 ^ r8`, geti tatu tu, maana `v` na `s4` zipo tayari. Jumla ikitoka 1, kosa ni moja na sahihisho liaminiwe. Ikitoka 0 huku kijani imezimika, yameharibika mawili na data itupwe. Inahitajika 74HC86 moja zaidi, na hiyo nimeshaiagiza.